Mstari Uliokatika Kwenye Picha ya Mtihani

Picha ilipigwa kwa haraka. Kivuli cha kidole gumba kimelala upande wa kushoto wa karatasi na sehemu ya juu imekatwa, lakini swali lenyewe linasomeka. Ni la somo la takwimu. Kuna jedwali lililochapwa lenye safu mbili za namba, Dawa A na Dawa B, namba kumi kila safu. Chini yake yamefuata maagizo ambayo kila aliyewahi kusoma takwimu chuoni anayajua: taja nadharia tete zako, kokotoa kipimo, kisha toa hitimisho kwa kiwango cha asilimia 5. Picha ya pili ni ya jedwali la t, lile ambalo huambatanishwa nyuma ya karatasi ya mtihani ili mtahiniwa asomee namba za kulinganishia.

Wanafunzi wawili wa darasa moja walilifanya swali hilo wakiitazama picha hiyo hiyo kwenye simu zao. Mmoja akahitimisha kwamba dawa hizo mbili zinatofautiana. Mwingine akahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kusema hivyo. Mwalimu wao alipozipitia hesabu za wote wawili hakukuta kosa la kujumlisha, la kugawanya wala la kusoma jedwali. Kila mmoja alikuwa amepiga hesabu sahihi ya jaribio alilolichagua.

Kilichowatenganisha kilikuwa nje ya picha. Sentensi ya kwanza ya swali, iliyokatwa, ilisema kwamba wagonjwa kumi walipewa dawa zote mbili kwa nyakati tofauti. Yaani si watu ishirini waliogawanywa makundi mawili, bali ni watu kumi waliopimwa mara mbili. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa ameikuza picha, akaona chini ya kivuli cha kidole kuna safu nyingine nyembamba yenye namba 1 hadi 10, akajiuliza hizo ni za nini. Wa pili hakuiona.

Namba zenyewe zina historia ndefu kuliko walivyodhani wanafunzi hao. Zilichapishwa mwaka 1905 na watafiti wawili wa dawa, Cushny na Peebles, na zilitokana na wagonjwa wa hospitali ya magonjwa ya akili huko Kalamazoo, Michigan, Marekani. Swali la watafiti lilikuwa jepesi: kati ya dawa fulani za usingizi, ipi inamlaza mgonjwa muda mrefu zaidi? Kwa kila mgonjwa jedwali linaonyesha saa za usingizi zilizoongezeka akinywa dawa, zikilinganishwa na alivyolala bila dawa. Namba yenye alama ya kutoa inamaanisha mgonjwa alilala pungufu kuliko kawaida yake.

Miaka mitatu baadaye namba hizo zikaangukia mikononi mwa mtu aliyekuwa akitengeneza bia. William Sealy Gosset aliajiriwa na kiwanda cha Guinness mjini Dublin mwaka 1899, na kazi yake ilimkutanisha kila siku na sampuli ndogo: mashamba machache ya shayiri, vipimo vichache vya mmea wa hopi. Kanuni za takwimu za wakati huo zilitegemea sampuli kubwa, na yeye hakuwa nazo. Mwaka 1908 alichapisha makala yaliyoonyesha jinsi ya kupima wastani wa sampuli ndogo, na mfano wake wa kwanza ulikuwa jedwali la usingizi la Kalamazoo. Hakutumia jina lake. Alijiita “Student”, Mwanafunzi, na ndiyo maana hadi leo jaribio hilo linaitwa jaribio la t la Student.

Hili ndilo jedwali, pamoja na ile safu iliyofichwa na kidole. Safu ya mwisho haikuwamo kwenye karatasi ya mtihani. Ni ya mtahiniwa kuijaza mwenyewe.

| Mgonjwa | Dawa A | Dawa B | B kutoa A |
|---|---|---|---|
| 1 | 0.7 | 1.9 | 1.2 |
| 2 | −1.6 | 0.8 | 2.4 |
| 3 | −0.2 | 1.1 | 1.3 |
| 4 | −1.2 | 0.1 | 1.3 |
| 5 | −0.1 | −0.1 | 0.0 |
| 6 | 3.4 | 4.4 | 1.0 |
| 7 | 3.7 | 5.5 | 1.8 |
| 8 | 0.8 | 1.6 | 0.8 |
| 9 | 0.0 | 4.6 | 4.6 |
| 10 | 2.0 | 3.4 | 1.4 |

Kabla ya hesabu yoyote, anayesoma kutoka kwenye picha ana kazi moja ya kiuchunguzi. Alama ya kutoa ni kistari kidogo, na mwanga wa taa ukiangukia karatasi hupotea kabla ya kitu kingine chochote. Dawa ya hilo ni kujumlisha. Wastani wa safu ya A ni 0.75 na wa safu ya B ni 2.33, na mitihani mingi huchapa wastani huo chini ya jedwali. Anayemsoma mgonjwa wa pili kuwa 1.6 badala ya −1.6 atapata wastani wa A ambao ni 1.07. Hapo atajua kwamba kuna kistari kimemponyoka, na atarudi kukitafuta.

Sasa nadharia tete. Neno lina sura ya kutisha kuliko maana yake. Ni madai mawili yanayopingana, yanayoandikwa kabla ya kuzitia namba kwenye kanuni. Dai la kwanza, linaloandikwa H₀, ni la mtu asiyeamini: dawa hizi hazina tofauti, na yote tunayoyaona kwenye jedwali ni bahati tu ya nani alilala vizuri usiku gani. Dai la pili, H₁, linasema tofauti ipo. Kwa kuwa ni watu wale wale waliopimwa mara mbili, madai hayo yanahusu tofauti ndani ya mtu mmoja, yaani ile safu ya mwisho. Mtahiniwa huandika hivi, μ ikiwa ni wastani wa kweli wa tofauti hizo kwa wagonjwa wote wa aina hiyo, si hawa kumi peke yao:

```
H₀: μ = 0
H₁: μ ≠ 0
```

Watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa kuandika kwamba H₀ ni “wastani wa sampuli ni sifuri”. Hilo halihitaji jaribio. Wastani wa sampuli unaonekana wazi kwenye karatasi, nao ni 1.58. Kinachobishaniwa ni kile kisichoonekana: je, kama tungewapima wagonjwa wengi sana, tofauti hiyo ingebaki au ingeyeyuka?

Alama ya ≠ nayo inastahili kutazamwa. Swali liliuliza kama dawa zinatofautiana, halikuuliza kama B ni bora. Mwenye kuuliza “zinatofautiana?” yuko tayari kupokea jibu la upande wowote, kwa hiyo jaribio lake lina mikia miwili. Kama swali lingeuliza tangu mwanzo ikiwa B inalaza zaidi kuliko A, H₁ ingekuwa μ > 0, na jaribio lingekuwa la mkia mmoja. Uamuzi huo unatoka kwenye maneno ya swali. Anayeona kwanza kwamba namba za B ni kubwa, halafu ndipo akachagua mkia mmoja, amejipunguzia masharti baada ya kuona matokeo, na msahihishaji mwenye uzoefu humjua.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tofauti kumi zikijumlishwa zinatoa 15.8, na zikigawanywa kwa 10 wastani ni saa 1.58, kama saa moja na dakika 35 za usingizi. Je, hiyo ni nyingi? Haiwezekani kujua mpaka uulize namba zinatawanyika kiasi gani. Kama wagonjwa wote wangekaribiana na 1.58, mtu angeiamini. Kama mmoja ana +12 na mwingine ana −9, wastani huo huo ungekuwa hauna uzito.

Utawanyiko hupimwa kwa mkengeuko sanifu. Unachukua kila tofauti, unatoa 1.58, unapata mraba wa kilichobaki, unajumlisha miraba yote, na jumla yake hapa ni 13.616. Unaigawa kwa 9, si kwa 10, kisha unatafuta kipeuo cha pili: 1.23. Kwa nini 9? Kwa sababu wastani umekokotolewa kutoka kwenye namba hizi hizi. Ukishaujua wastani na tofauti tisa, ya kumi haina uhuru wa kuwa chochote. Lazima ikamilishe jumla. Hizo tisa zinazobaki huru ndizo zinazoitwa digrii za uhuru, na namba 9 itarudi tena tutakapofungua jedwali la t.

Lakini 1.23 ni utawanyiko wa mgonjwa mmoja mmoja. Wastani wa watu kumi hauyumbi kiasi hicho, kwa kuwa aliyezidi na aliyepungua husawazishana. Kwa hiyo tunagawanya 1.23 kwa kipeuo cha pili cha 10, tunapata 0.389. Hicho ndicho kiasi ambacho wastani ungeyumba kwa bahati tu, kama wagonjwa wengine kumi wangechaguliwa. Kipimo cha t kinauliza wastani tulioupata umeiacha sifuri kwa mara ngapi ya myumbo huo:

```
t = 1.58 / 0.389 = 4.06
```

Wastani umesimama umbali wa miyumbo minne kutoka sifuri. Ni umbali mkubwa, lakini mkubwa kiasi gani ndilo swali ambalo jedwali lililochapwa liliundwa kulijibu.

Jedwali la t hushuka kwa mistari, kila mstari na digrii zake za uhuru, na huenda kulia kwa safu, kila safu na kiwango chake cha hatari. Mtahiniwa huteremka hadi mstari wa 9, kisha huenda kwenye safu ya 0.05 ya mikia miwili, anakuta 2.262. Maana yake ni kwamba kama kweli dawa hazitofautiani, ni mara 5 tu kati ya 100 ambapo bahati peke yake ingeweza kuipeleka t mbali zaidi ya 2.262, upande wa juu au wa chini. Yetu ni 4.06. Imevuka. Ukiendelea kulia kwenye mstari huo huo, safu ya 0.01 ina 3.250, nayo pia imevukwa. Safu ya 0.001 ina 4.781, na hiyo haijafikiwa.

Kwenye picha, jedwali hili ndilo linaloponza zaidi. Karatasi ikijikunja, mstari wa 9 huonekana umeinama na jicho likateleza hadi wa 10, unaosema 2.228. Kosa hilo ni dogo na mara nyingi halibadilishi jibu. La hatari ni vichwa vya safu. Majedwali mengine huandika 0.05 kwa maana ya mikia miwili, mengine huandika 0.05 kwa maana ya mkia mmoja, na ukikata kichwa cha jedwali kwenye picha hutajua ni lipi. Njia ya kujinasua ni kukumbuka namba moja: mstari wa chini kabisa, wenye alama ya ∞, una 1.960 kwenye safu ya asilimia 5 ya mikia miwili, na 1.645 kwenye ile ya mkia mmoja. Ukiiona 1.960 chini ya safu uliyoishika, uko mahali sahihi. Kwa digrii 9, aliyepotea safu angesoma 1.833 badala ya 2.262.

Turudi kwa mwanafunzi wa pili, ambaye hakuwa mzembe. Aliona safu mbili za namba kumi, hakuona kinachoziunganisha, akazichukulia kuwa makundi mawili ya watu tofauti. Kwa makundi ya namna hiyo kanuni ni nyingine: unapima utawanyiko ndani ya kila kundi, unauchanganya, na digrii za uhuru zinakuwa 18. Mkengeuko sanifu wa safu ya A ni 1.79 na wa B ni 2.00. Tofauti ya wastani ni ile ile, 1.58, kwa sababu 2.33 kutoa 0.75 haibadiliki. Lakini sasa myumbo ni 0.849, zaidi ya mara mbili ya ule wa mwanzo, na t inakuwa 1.86. Jedwali, mstari wa 18, linadai 2.101. Haikufika. Akaandika, kwa haki kabisa ya hesabu yake, kwamba H₀ haikataliwi.

Tofauti iko kwa wagonjwa wenyewe. Mtazame wa 7: dawa A ilimwongezea saa 3.7, dawa B 5.5. Huyu ni mtu anayelazwa na dawa yoyote. Wa 4 alipata −1.2 na 0.1, huyu halazwi kirahisi na chochote. Watu wanatofautiana sana, na ukiwachukulia kuwa makundi mawili ya wageni, tofauti hiyo kubwa baina yao inafunika tofauti ndogo baina ya dawa. Ukimlinganisha kila mtu na nafsi yake, ulaliaji wake mzuri au mbaya unajifuta wenyewe, na kinachobaki ni dawa. Wagonjwa wa 7 na wa 4, ambao kwenye safu za A na B wako mbali kama mlima na bonde, kwenye safu ya mwisho wana 1.8 na 1.3.

Mtego huu haukuanza na simu. Programu ya takwimu inayoitwa R huja na namba hizi hizi ndani yake, kwa jina la `sleep`, na safu inayotaja dawa imepewa jina `group`, yaani kundi. Maelezo ya programu hiyo yenyewe huonya kwamba jina hilo linaweza kupotosha, kwa kuwa ni watu kumi waliopimwa, si makundi. Anayetaka kuona tofauti ya majibu aandike mistari hii miwili. Wa kwanza ni kosa la mwanafunzi wa pili, wa pili ni jaribio sahihi.

```
with(sleep, t.test(extra[group == 2], extra[group == 1], var.equal = TRUE))
with(sleep, t.test(extra[group == 2], extra[group == 1], paired = TRUE))
```

Limebaki hitimisho, na hapa mwanafunzi wa kwanza naye alipoteza alama moja. Aliandika: “Imethibitika kwamba dawa B ni bora.” Mwalimu alilipigia mstari neno “imethibitika”. Jaribio halithibitishi, linasema tu kwamba kama dawa hazitofautiani, matokeo kama haya yangekuwa nadra, kiasi cha mara 3 kati ya 1,000. Na neno “bora” nalo lina ukakasi, kwa kuwa kilichopimwa ni saa za usingizi, si madhara ya dawa wala mgonjwa alivyoamka. Jibu ambalo mwalimu alilikubali lilikuwa hivi: t ni 4.06, inazidi 2.262 kwa digrii 9 za uhuru, hivyo H₀ inakataliwa kwa kiwango cha asilimia 5. Kuna ushahidi kwamba wastani wa saa za usingizi zilizoongezeka unatofautiana kati ya dawa hizi mbili, B ikiongeza zaidi, kwa wastani wa saa 1.58. Sentensi moja ya namba, sentensi moja ya usingizi. Anayeishia kwenye “H₀ inakataliwa” amejibu nusu ya swali.

Kuna jambo jingine ambalo mtihani haukuliuliza, ila msomaji makini ataliona kwenye jedwali. Mgonjwa wa 9 ana tofauti ya 4.6, karibu mara mbili ya anayemfuata. Kwa sampuli ya watu kumi jaribio la t hudhani kwamba tofauti zimetawanyika kwa umbo la kengele, na namba moja ya pembeni kama hiyo inatia shaka. Je, yeye ndiye aliyelibeba jibu lote? Mwondoe upige hesabu upya. Wastani unashuka hadi 1.24, jambo linalotarajiwa. Lakini t haishuki; inapanda hadi 5.66. Aliyeonekana kuwa shahidi mkuu wa dawa B ndiye aliyekuwa akiupunguza nguvu ushahidi, kwa sababu alikuwa anatanua utawanyiko kuliko alivyoinua wastani.

Gosset mwenyewe, mwaka 1908, aliitazama safu hiyo hiyo ya tofauti na kueleza jibu lake kwa lugha ya wacheza kamari: uwezekano kwamba dawa ya pili inalaza zaidi ni kama 666 kwa 1. Alizinakili namba za tofauti bila kukosea. Majina ya dawa, hata hivyo, aliyanakili vibaya kutoka makala ya Cushny na Peebles, na Ronald Fisher alipouchukua mfano huo na kuuweka kwenye kitabu chake cha mwaka 1925, kilichozisambaza mbinu hizi kwa watafiti wengi, majina hayo yasiyo sahihi yakaenda pamoja nao.